Kila mwezi uweke shilingi ngapi? Kukokotoa akiba ya injini ya boti Kigoma, pamoja na miezi ambayo ziwa limefungwa

Mvuvi mwenye kipe kimoja, yaani chombo kimoja cha kuvulia, pale Kibirizi, Kigoma, anataka injini ya farasi 15 baada ya miaka miwili. Anajua bei ya leo, ana akiba kidogo benki, na benki imemwambia riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Swali lake ni moja: kila mwezi aweke kiasi gani ili siku ikifika hela itoshe? Wengi hugawanya bei kwa idadi ya miezi, basi. Jibu hilo lina makosa mawili yanayovutana. Linasahau riba, kwa hiyo linadai hela nyingi kuliko inayohitajika. Linasahau pia kwamba bei itapanda na kwamba kuna miezi ambayo hakuna kitu cha kuweka, kwa hiyo linadai kidogo mno. La pili ndilo kubwa zaidi, na kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika ni kubwa kupita kiasi.

Mwongozo huu unafuata hesabu ya mtu huyo hatua kwa hatua. Bei na riba tulizotumia ni za mfano. Weka za kwako mahali pake, njia haibadiliki.

Andika kwanza namba nne

Chukua daftari. Namba ya kwanza ni lengo: hela inayotakiwa siku ya kununua, wala si bei ya leo. Tuseme injini leo ni shilingi 6,000,000. Kitu kinachotoka nje ya nchi bei yake hufuata dola na nauli, kwa hiyo usikipimie kwa mfumuko wa bei wa jumla peke yake, ambao mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1 kwa Tanzania. Hapa tunakadiria bei itapanda asilimia 5 kwa mwaka. Miaka miwili ni 6,000,000 × 1.05 × 1.05, yaani 6,615,000. Hilo ndilo lengo. Anayeweka akiba kwa kutazama bei ya leo atafika Desemba ya mwaka wa pili akiwa amepungukiwa 615,000, ingawa hakukosea hata mwezi mmoja.

Namba ya pili ni kianzio, hela iliyokwisha kuwa kwenye akaunti na ambayo haitaguswa. Mfano wetu: 900,000.

Namba ya tatu ni idadi ya miezi. Tunaanza mwanzo wa Januari, tunaweka mwisho wa kila mwezi, tunamaliza mwisho wa Desemba ya mwaka unaofuata. Ni miezi 24.

Namba ya nne ni riba ya mwezi mmoja baada ya kodi, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Benki inapotangaza asilimia 8, huo ni mwaka mzima, na ni kabla ya kodi ya zuio. Riba ya benki kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na hukatwa na benki yenyewe kabla hujaiona. Kwa hiyo katika asilimia 8, zinazobaki mkononi mwako ni 7.2. Gawanya kwa 12 upate asilimia 0.6 kwa mwezi, na kwa kuandika kwenye kikokotoo ni 0.006.

Kabla ya kuiamini namba hiyo, muulize ofisa wa benki mambo mawili. Riba inaingizwa kwenye akaunti kila mwezi, kila robo mwaka, au mwisho wa mwaka? Hesabu hii inachukulia kila mwezi. Ikiingia kwa nadra zaidi, utapata pungufu kidogo kwa sababu riba inachelewa kuzaa riba. La pili: asilimia hiyo inatolewa kwa salio lolote, au kuanzia kiwango fulani tu? Akaunti nyingi zina ngazi, na salio dogo hupata riba ndogo. Kama 900,000 iko ngazi ya chini na 3,000,000 iko ngazi ya juu, tumia ile ya chini kwenye hesabu yako yote. Itakayozidi itakuwa nyongeza.

Shilingi moja kila mwezi inakuwa ngapi?

Acha lengo kando kidogo, uulize swali dogo: nikiweka shilingi moja tu mwisho wa kila mwezi kwa miezi 24, mwisho nitakuwa na shilingi ngapi? Ukilijua hilo, kilichobaki ni kugawanya.

Shilingi ya Januari ya kwanza itakaa miezi 23 ikizaa riba. Ya Februari itakaa miezi 22. Inakwenda hivyo hadi ya Desemba ya mwisho, ambayo inawekwa na kutolewa siku hiyohiyo bila riba yoyote. Kujumlisha shilingi hizo zote moja moja kunachosha, na kwa bahati nzuri kuna njia ya mkato:

```
kizidishi = ((1 + r)^n - 1) / r
```

Hapo `r` ni riba ya mwezi na `n` ni idadi ya miezi. Kinachohitaji kazi ni 1.006 kwa kipeo cha 24, yaani 1.006 ikizidishwa na yenyewe mpaka zitimie 24. Kikokotoo cha simu ukikilaza kwa upana mara nyingi huonyesha kitufe cha kipeo. Kama una kile cha dukani cha kawaida, usizidishe mara 23. Panda kwa kurudufu:

```
1.006 × 1.006 × 1.006   = 1.018108   (miezi 3)
1.018108 × 1.018108     = 1.036544   (miezi 6)
1.036544 × 1.036544     = 1.074424   (miezi 12)
1.074424 × 1.074424     = 1.154387   (miezi 24)
```

Usipunguze tarakimu baada ya nukta. Ukiandika 1.15 badala ya 1.154387, kizidishi kitashuka hadi 25, na makosa hayo yataingia kwenye kila amana. Bakiza tarakimu sita.

Sasa toa moja, ubaki na 0.154387. Gawanya kwa 0.006 upate 25.7312. Maana yake ni kwamba shilingi moja kila mwezi kwa miezi 24 inakuwa shilingi 25 na senti 73. Umeweka 24, riba imeongeza 1.73.

Kabla hujaendelea, pima kama namba hiyo ina akili. Kizidishi lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko idadi ya amana. Kuna kipimo cha haraka: wastani wa muda ambao shilingi inakaa ni miezi 11 na nusu, na 11.5 × 0.006 ni 0.069. Basi kizidishi kiwe karibu na 24 × 1.069, ambayo ni 25.66. Tulipata 25.73, tupo sawa. Aliyeandika 0.6 badala ya 0.006 atapata 79,228 mahali pa 1.154387, na aliyetumia riba ya mwaka kama ya mwezi, 0.08, atapata 6.34. Yote mawili yanajionyesha mara moja ukipima hivi. Usipopima utaambiwa uweke kiasi kidogo cha kufurahisha, halafu mwaka wa pili uje kushangaa.

Toa kianzio, kisha gawanya

Ile 900,000 nayo itakua kwa miezi yote 24: 900,000 × 1.154387 ni 1,038,949. Sehemu ya lengo ambayo amana za kila mwezi zinatakiwa kuibeba ni

```
6,615,000 - 1,038,949 = 5,576,051
5,576,051 / 25.7312   = 216,704
```

Kosa la kawaida hapa ni kutoa 900,000 tupu kutoka kwenye lengo na kuisahau riba yake. Si kosa la hatari, kwani linakufanya uweke zaidi kidogo. La hatari ni kinyume chake: kuhesabu kama kianzio hela ambayo unajua itatoka Machi kulipia ada ya mtoto. Hela hiyo ukiitoa, inaondoka na riba ya miezi yote iliyobaki.

Shilingi 216,704 kila mwezi, basi. Bila riba ingekuwa 238,125. Hili ndilo jibu ambalo vikokotoo vya mitandaoni vitakupa, na kwa mwajiriwa anayepokea mshahara kila mwezi ni jibu sahihi. Kwa mwenye kipe si sahihi hata kidogo.

Miezi ambayo ziwa limefungwa

Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Anayeishi kwa dagaa na mgebuka hawezi kupanga akiba ya miezi 24 kana kwamba mapumziko ya namna hiyo hayapo. Panga kwamba yatakuwepo kila mwaka. Yasipokuwepo, utafika mapema.

Tazama tarehe zenyewe. Amana ya mwisho wa Mei bado inawezekana, kwa kuwa nusu ya kwanza ya mwezi watu walikuwa majini. Juni na Julai hakuna kitu. Agosti ziwa linafunguliwa katikati, lakini hela ya wiki mbili za kwanza inakwenda kwenye nyavu zilizolala, mafuta, na madeni ya dukani ya miezi mitatu. Ni busara kuihesabu Agosti kuwa sifuri. Kwa hiyo kila mwaka zinaruka amana tatu, na kwa miaka miwili ni sita. Zinabaki amana 18.

Sasa ile njia ya shilingi moja inaonyesha uzuri wake. Hatuanzi hesabu upya. Tunaondoa tu kwenye kizidishi zile shilingi sita ambazo hazitawekwa, kila moja na riba yake. Amana ya Juni ya kwanza ni ya 6, na ingekaa miezi 18. Ya Julai ingekaa 17, ya Agosti 16. Mwaka wa pili Juni ni amana ya 18, ingekaa miezi 6, kisha 5, kisha 4.

```
1.006^18 = 1.113688      1.006^6 = 1.036544
1.006^17 = 1.107046      1.006^5 = 1.030362
1.006^16 = 1.100443      1.006^4 = 1.024217
jumla ya zote sita = 6.412300
```

Kizidishi kipya ni 25.7312 − 6.4123 = 19.3189. Gawanya:

```
5,576,051 / 19.3189 = 288,632
```

Kutoka 216,704 hadi 288,632. Ni tofauti ya karibu shilingi 72,000 kila mwezi, na ndiyo sababu mipango mingi ya akiba ufukweni hukatika mwaka wa kwanza. Anayeweka 216,704 na kuruka miezi hiyo sita atakosa 1,389,570 siku ya kununua. Hatakuwa amefanya uzembe wowote. Alipewa namba ya mtu mwingine.

Kuna anayechukua njia fupi: 216,704 zidisha kwa 24, gawanya kwa 18. Anapata 288,939, karibu sawa na jibu letu. Inakubali hapa kwa sababu miezi inayoruka imekaa pande zote mbili za katikati ya mpango. Ikiwa mpango wako ni wa miezi 12 na miezi mitatu inayoruka iko yote mwanzoni, njia fupi itakupa amana ndogo kuliko inayotakiwa, kwani shilingi za mwanzo ndizo zenye riba nyingi. Zikiwa mwishoni, itakupa kubwa kuliko inayotakiwa. Kwa muda mfupi na riba ndogo tofauti si kubwa. Kwa miaka mitano au sita inaanza kuuma.

Riba ikishuka, na tozo zisizoonekana

Asilimia 8 ni riba unayoitarajia. Hakuna aliyekuahidi kwamba itabaki hapo miaka miwili, isipokuwa mkataba unasema hivyo kwa maandishi. Kwa hiyo fanya hesabu mara ya pili kwa riba mbaya zaidi. Tuchukue 0.004 kwa mwezi badala ya 0.006, yaani theluthi nzima ya riba imepotea. Ukipita hatua zilezile, miezi ya kufungwa ikiwemo, amana inakuwa 298,131. Imepanda kwa shilingi 9,499 tu. Na kama riba ni sifuri kabisa, hela iko kwenye kibubu, amana ni 5,715,000 gawanya kwa 18, yaani 317,500.

Namba hizo zitazame pamoja kwa utulivu. Kupoteza theluthi ya riba kunakugharimu 9,500 kwa mwezi. Kuruka miezi mitatu kila mwaka kunakugharimu 72,000. Katika mpango wa miaka miwili, nguvu iko kwenye idadi ya amana, si kwenye kuhangaikia nusu asilimia ya riba. Anayevuka mji kutafuta benki yenye asilimia 9 huku akiacha amana ya Oktoba kwa sababu ya harusi amefanya biashara ya hasara. Katika mpango wa miaka 15 riba inapata uzito mkubwa zaidi, na hapo inastahili kuhangaikiwa.

Tozo zinaingia kwa namna nyingine. Kama benki inakata ada ya uendeshaji kila mwezi, au unatuma amana kwa simu na kulipia gharama ya kutuma, usijaribu kuipunguza kwenye riba. Iongeze juu ya amana. Ikiwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, sogeza amana kutoka 288,632 hadi 290,632. Angalizo moja: ada ya benki inakatwa hata Juni, Julai na Agosti, wakati huweki kitu. Igawanye basi kwa miezi unayoweka: 2,000 × 24 ÷ 18 ni kama 2,670, na amana inakuwa kama 291,302.

Ukimaliza, pandisha hadi namba ya mviringo inayokumbukika. Hapa 290,000 bila ada, au 292,000 ukiwa na ada hiyo. Kamwe usishushe. Kwa 290,000 utafika na ziada ya kama 26,000, ambayo ni akiba ya kufidia kiasi kidogo ambacho bei itazidi makadirio.

Siku ya kuweka

Fomula hii inahesabu amana ya mwisho wa mwezi. Ukiweka mwanzo wa mwezi, kila shilingi inapata mwezi mmoja zaidi, na amana inagawanywa kwa 1.006: 286,911 badala ya 288,632. Ni punguzo la 1,721. Lakini tumia fomula ya mwisho wa mwezi hata kama huwa unaweka katikati. Kuna akaunti za akiba zinazohesabu riba ya mwezi kwa salio la chini kabisa lililoonekana mwezi huo. Kwenye akaunti kama hizo, hela uliyoingiza tarehe 12 haihesabiwi mwezi huo. Na uliyoitoa tarehe 20 ukairudisha tarehe 22 inafuta riba yake ya mwezi mzima, ingawa ilikuwa nje siku mbili tu.

Kwa wavuvi wa dagaa kuna jambo la ziada. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazina nguvu wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo hela inafuata siku za giza. Mzunguko wa mwezi angani ni kama siku 29 na nusu, haulingani na kalenda ya benki. Ukijiwekea tarehe 30, kuna miezi tarehe hiyo itaangukia katikati ya mbalamwezi mfuko ukiwa mtupu. Ni bora kugawa amana mara mbili: 145,000 katikati ya giza na 145,000 giza linapoisha, zote ziwe zimeingia kabla mwezi wa kalenda haujafungwa. Kwa hesabu yetu hilo halibadilishi kitu.

Kwa wenye kompyuta

Kwenye Excel au jedwali lolote la namna hiyo, hesabu ya miezi yote bila kuruka ni mstari mmoja:

```
=-PMT(0.006,24,-900000,6615000)
```

Itakupa 216,703.76. Alama ya kutoa mbele ya 900000 ni lazima. Ukiiacha, mashine inaichukulia 900,000 kama mkopo uliopokea, inaongeza deni hilo juu ya lengo, na kukudai 297,458 kwa mwezi. Wengi huona namba hiyo kubwa wakadhani lengo limewashinda.

PMT haijui miezi ya kuruka. Kwa hiyo andika namba 1 hadi 24 kwenye safu ya A kuanzia A2, na kwenye safu ya B weka 1 kwa mwezi unaoweka na 0 kwa mwezi usioweka. Kisha mahali pengine andika:

```
=(6615000-900000*1.006^24)/SUMPRODUCT(B2:B25,1.006^(24-A2:A25))
```

Ukibadili 0 kuwa 1 au 1 kuwa 0 unaona palepale mwezi mmoja una thamani gani. Jaribu kuirudisha Agosti peke yake na utajua kama inafaa kujibana wiki mbili hizo.

Hakiki kwa kitabu cha benki

Hesabu ya kwanza ni makadirio. Kinachoitunza ni kulinganisha salio la kweli na salio lililotarajiwa. Miezi mitatu ya kwanza, kwa amana ya 288,632, inatakiwa kusomeka hivi: mwisho wa Januari 1,194,032, Februari 1,489,828, Machi 1,787,399. Kila namba ni salio la mwezi uliotangulia, jumlisha 0.006 yake, jumlisha amana. Kama Machi salio lako ni 1,770,000 na hukuacha kuweka, kuna kitu kinakatwa au riba si ile uliyoambiwa. Ni rahisi kulitatua na benki baada ya miezi mitatu kuliko baada ya ishirini.

Mwisho wa mwaka wa kwanza kokotoa upya kabisa, kwa namba za siku hiyo. Mpango ulitaka salio la 3,654,984. Tuseme kitabu kinasoma 3,310,000 kwa sababu Novemba haikuwekwa kitu na Desemba iliwekwa pungufu. Injini nayo umeiuliza dukani, leo ni 6,400,000. Mwaka mmoja mbele kwa asilimia 5 ni 6,720,000. Miezi iliyobaki ni 12, yenye amana tisa. Kizidishi cha miezi 12 ni 0.074424 gawanya kwa 0.006, yaani 12.4040, toa Juni, Julai na Agosti, 3.0911, inabaki 9.3129.

```
3,310,000 × 1.074424   = 3,556,344
6,720,000 - 3,556,344  = 3,163,656
3,163,656 / 9.3129     = 339,707
```

Hii ni amana mpya, na huenda haiwezekani. Usiikubali kwa kujipa moyo, maana amana isiyowezekana huvunjika mwezi wa pili na kuvunja mpango wote. Angalia kwanza kama tarehe inaweza kusogea. Ukiahirisha ununuzi kwa miezi miwili tu, hadi mwisho wa Februari, unapata amana mbili za ziada katika miezi ya kazi. Lengo linapanda hadi kama 6,775,000, salio la 3,310,000 linafika 3,599,148, na kizidishi kinakuwa 11.4310. Amana inashuka hadi 277,828, chini hata ya ile ya mwanzo. Miezi mingine miwili inayoangukia Juni na Julai isingekupa nafuu ya namna hiyo, kwa kuwa bei ingepanda bila amana hata moja kuingia. Kwa hiyo unapoahirisha, hesabu miezi ya ziwa wazi peke yake.